Picha Imefika kwenye Chati, Galari Haina Habari

Nina studio ndogo ya kusafisha picha hapa Tukuyu mjini. Zamani mteja alikuja na mkanda wa filamu mkononi, nami nikajua kilichomo ndani ni picha 36, basi. Siku hizi anakuja na simu, na kazi ya kwanza si kusafisha picha. Kazi ya kwanza ni kuitafuta.

Jumatano ya tarehe 25 Juni 2025, baridi ya Rungwe ikiwa imekaza na ukungu haujaondoka barabarani, aliingia mama mmoja wa Katumba. Nikamwamkia, akaitikia, akaweka simu mezani. Binti yake wa mwisho alikuwa ameolewa siku kumi na moja nyuma, na alitaka picha zote za shughuli zisafishwe aziweke kwenye albamu, sendofu na harusi pamoja.

“Ziko 64, mwanangu. Nimezihesabu mwenyewe kwenye grupu la familia.”

Nikafungua galari, nikaingia kwenye albamu ya WhatsApp Images, nikahesabu za shughuli. Zilikuwa tisa.

Hapo ndipo wateja wengi husema simu imekula picha, au imeingia virusi, au imezeeka. Wengine huniomba niizime na kuiwasha. Simu ya mama yule ilikuwa nzima kabisa. Picha zake 55 zilikwama sehemu tatu tofauti, na kila sehemu ina mlango wake. Nitaeleza jinsi nilivyozipata moja baada ya nyingine, maana karibu kila simu ya Android inayoletwa kwangu na malalamiko kama hayo, picha zake huwa zimekwama katika mojawapo ya sehemu hizo.

Jambo la kuelewa kwanza ni kwamba picha ya WhatsApp haifiki kwa mkupuo mmoja. Mtu akikurushia picha, kinachokufikia mara moja ni ujumbe mwepesi wenye kivuli cha picha, kile chenye ukungu. Picha yenyewe inakaa kwenye seva, inangoja simu yako iende kuichukua. Kuichukua ndiko kupakua. Ikishapakuliwa inahifadhiwa ndani ya simu, na hapo ndipo linakuja swali la pili: je, galari iruhusiwe kuiona? Kupakua ni mpangilio mmoja, kuonekana galarini ni mpangilio mwingine, na WhatsApp imeviweka kwenye kurasa mbili zisizohusiana. Mtu anaweza kuwasha kimoja akadhani amewasha vyote viwili.

Kwa hiyo mimi sianzi na galari. Naanza na chati yenyewe, naitazama picha iliyopotea mahali ilipotumwa. Ikiwa na ukungu, ina mshale unaoelekea chini na pembeni imeandikwa ukubwa, tuseme 180 kB, basi haijawahi kupakuliwa. Ikiwa inaonekana safi, unaigusa inafunguka na unaweza kuikuza, basi imo ndani ya simu na tatizo liko kwenye galari. Kama haipo hata kwenye chati, imefutwa au imetoweka, na hiyo ni habari nyingine.

Nikapanda juu kwenye lile grupu, siku baada ya siku. Picha za Ijumaa tarehe 13, siku ya sendofu, zilikuwa tisa, zote safi, zote ziko galarini. Za Jumamosi tarehe 14, harusi yenyewe, zilikuwa 31, nazo zote safi, zinafunguka vizuri, ila galarini hakuna hata moja. Za Jumapili zilikuwa 18, zote zina ukungu na mshale. Halafu Jumatatu mpiga picha wa shughuli alikuwa ametuma nyingine sita, ambazo hazikuonekana kama picha bali kama karatasi ndogo zenye jina la faili. Tisa, na 31, na 18, na sita. Hesabu ya mama ilikuwa sahihi, zote 64 zilikuwepo.

Picha zinapokatika kwa tarehe namna ile, ujue kuna mkono wa mtu. Simu haiamui yenyewe kwamba kuanzia Jumamosi ifiche na kuanzia Jumapili isipakue. Nikamuuliza mama nani mwingine anaishika simu hii. Akacheka. Mjukuu wake, kijana wa kidato cha pili, ndiye fundi wa nyumba. Ijumaa usiku alilalamika kwamba galari ya bibi imejaa maua ya “asubuhi njema” na picha za vichekesho kutoka kwenye magrupu, akalizuia la familia lisiingie galarini. Jumapili asubuhi bando likaisha kabla ya wakati, akaingia tena akazima upakuaji. Mara zote mbili alikuwa anamsaidia bibi yake.

Tuanze na zile 18 za Jumapili, maana ndizo zilizo hatarini zaidi.

Ingia Settings, halafu Storage and data. Chini yake utaona kichwa cha Media auto-download, chenye mistari mitatu: When using mobile data, When connected on Wi-Fi na When roaming. Ukigusa mstari wowote unapata visanduku vinne vya kutiki, yaani Photos, Audio, Videos na Documents. Simu ikiwa mpya na hujagusa kitu, kwenye data ya simu kumetikiwa picha peke yake, kwenye Wi-Fi vimetikiwa vyote vinne, na kwenye roaming hakuna tiki hata moja. Kwa mama yule tiki ya picha kwenye data ya simu ilikuwa imetolewa, na kwa kuwa nyumbani kwake hakuna Wi-Fi, hakuna picha ambayo ingepakuliwa bila yeye kuigusa.

Wengi hubisha hapa. “Mbona sauti zinafika?” Sauti zile za kurekodi ndani ya WhatsApp hupakuliwa zenyewe siku zote, mpangilio wowote uwe umewekwa. Kisanduku cha Audio kinahusu faili za sauti zinazotumwa, kama nyimbo au mahubiri. Kwa hiyo kusikia sauti ya shangazi si ushahidi kwamba picha nazo zinapakuliwa.

Nikarudisha tiki. Mama akatazama kwenye grupu akakuta ukungu uko palepale, akanitazama mimi. Ndivyo ilivyo. Tiki inafanya kazi kwa picha zitakazokuja, hairudi nyuma kufuata zilizopita. Zile 18 zilitaka kuguswa. Zilizotumwa kwa pamoja hujipanga kama albamu ndani ya chati na kuna mshale mmoja wa kuzichukua zote, lakini zilizotumwa mojamoja zinaguswa mojamoja. Tuliwasha data, tukagusa, zikashuka zote.

Zingeweza kutoshuka. Picha isiyopakuliwa haikai kwenye seva milele, na nimeona wateja wanaokuja miezi miwili baada ya msiba wakigusa mshale na kuambiwa faili halipo, wamwombe aliyetuma atume tena. Aliyetuma naye anaweza kuwa amebadilisha simu. Picha yenye ukungu ni ahadi tu, wala huwezi kuisafisha. Kivuli kile ukikikuza kwenye karatasi unapata madoa ya rangi, hata kama machoni pako ulishalitambua gauni ni la nani.

Sasa, je, yule mjukuu alikosea kutoa tiki ili kuokoa bando? Kwa picha, naona aliokoa kidogo mno. Picha ya kawaida ya WhatsApp imeshabanwa, na nyingi ninazopokea dukani ziko kati ya kB 100 na 300. Chukua kB 200 kama wastani: picha 40 kwa siku ni MB 8. Video moja ya dakika mbili ya watu wanacheza inaweza kuzidi hapo peke yake. Mlaji wa bando ni video, na video kwenye data ya simu haina tiki tangu mwanzo isipokuwa mtu aiweke. Kama huniamini, kwenye ukurasa uleule wa Storage and data kuna Network usage, inayoonyesha WhatsApp imepokea kiasi gani tangu mara ya mwisho ulipofuta hesabu. Bonyeza Reset statistics Jumatatu asubuhi, soma Jumapili, utajua.

Kuna mtego mmoja kwenye mstari wa Wi-Fi ambao huku kwetu unauma. Wengi wetu Wi-Fi yetu ni hotspot ya simu ya jirani. Simu yako haijui kwamba hilo ni bando la mtu. Ikishaungwa inajiona iko kwenye Wi-Fi, na kama visanduku vyote vinne vina tiki inaanza kuvuta kila video ya grupu inayoingia. Umeomba hotspot utume ujumbe mmoja, bando la mwenzako limekwisha kabla hujamaliza kuandika. Kama hali yako ndiyo hiyo, toa tiki ya Videos hata kwenye Wi-Fi. Ukitaka video fulani utaigusa mwenyewe.

Na mstari wa tatu, wa roaming, si wa watu wanaopanda ndege tu. Wafanyabiashara wetu wanaoshuka Kyela mpaka mpakani Kasumulu wanaujua bila kuujua. Ukiwa ukingoni kabisa mwa Mto Songwe simu inaweza kushika mtandao wa Malawi. Kama umeruhusu data roaming, ujumbe unaingia, sauti zinaingia, lakini picha za mzigo zinabaki na ukungu, kwa sababu mstari ule hauna tiki. Uache hivyo hivyo. Data ya roaming ina bei yake, na picha utaigusa ile moja unayoihitaji, au utangoja ukirudi upande wa huku.

Zile 31 za Jumamosi ndizo zilizonichukua muda, nazo ndizo watu huzidhania zimepotea kabisa.

Zilikuwa zimepakuliwa. Kilichozifungia kinaitwa Media visibility. Kiko mahali pawili. Kwanza kipo kwa simu nzima: Settings, kisha Chats, kuna swichi ya Media visibility. Ikizimwa, picha mpya za chati zote hazitaonekana galarini. Pili, kila chati na kila grupu lina yake: fungua grupu, gusa jina lake juu, shuka mpaka uone Media visibility. Hapo kuna chaguo tatu, Default, Yes na No. Default maana yake fuata mpangilio wa simu nzima, na kwenye mabano unaandikiwa mpangilio huo kwa sasa ni upi. Swichi ya jumla ya mama ilikuwa imewashwa. Grupu la familia peke yake lilikuwa No. Ndiyo maana picha za mabinti zake wengine, waliomtumia moja kwa moja, ziliingia galarini bila shida, na hakuna aliyeshuku kitu.

Nikaweka Yes. Kwa mara nyingine mama akafungua galari, kwa mara nyingine hakuna kipya. Mpangilio huu nao unatazama mbele tu. Picha iliyoingia wakati wa No inabaki ilikofichwa, na iliyoingia wakati wa Yes inabaki galarini hata ukizima leo. Ndiyo maana zile tisa za Ijumaa hazikuondoka mjukuu alipofunga mlango usiku ule.

Zimefichwa wapi? WhatsApp ina folda yake kwenye simu, na ndani ya folda ya picha kuna folda nyingine ya pembeni. Kwenye Android 11 na zilizofuata, njia ni hii:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Images/Private
```

Ndani ya Private kuna kifaili kidogo kisicho na kitu, kinaitwa `.nomedia`. Galari za Android zikikuta kifaili hicho zinaruka folda nzima. Hakuna neno la siri wala kufuli, ni alama tu ya “usipite hapa”. Kwa kuwa ni alama tu, programu ya kusoma mafaili inapita.

Mimi hutumia Files by Google, ambayo simu nyingi zinakuja nayo. Fungua Internal storage, fuata njia ile hatua kwa hatua mpaka Private. Unakuta picha zimepangwa kwa majina kama haya:

```
IMG-20250614-WA0031.jpg
```

Jina hilo linasomeka: mwaka, mwezi, siku ambayo picha ilifika kwenye simu yako, kisha namba yake ya foleni. Sio siku iliyopigwa, tahadhari, maana mtu akikurushia leo picha ya ubatizo wa mwaka jana itabeba tarehe ya leo. Kwa kazi yetu ilitosha. Nilitafuta zote zenye 20250614, nikatoa mbili zilizokuwa za vichekesho, zikabaki 31. Nikazichagua zote, pamoja na zile 18 za Jumapili zilizoshuka grupu likiwa bado No, nikabonyeza Copy to, nikazipeleka kwenye folda ya Pictures. Galari ikazionyesha palepale.

Nakili, usihamishe. Move to iko jirani kabisa na Copy to, na kidole kikikosea unaiondoa picha mahali WhatsApp inapoitarajia. Galarini utaiona, lakini kwenye chati itarudi kuwa na ukungu, na siku nyingine mtu akiifungua humo ataambiwa haipo. Kunakili kunakula nafasi maradufu, lakini picha 31 za kB 200 ni kama MB 6, hakuna simu itakayolalamika. Anayetumia WhatsApp Business aangalie folda ya `com.whatsapp.w4b`, si `com.whatsapp`. Kama ni picha moja au mbili tu, huhitaji kuzunguka huko kote: ifungue kwenye chati, gusa vidoti vitatu juu, chagua Save.

Zilibaki zile sita za Jumatatu, na hizo mpiga picha alizituma kwa makusudi kama dokumenti. Ningekuwa yeye ningefanya vilevile. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza mpaka upande wake mrefu ubaki kama nukta 1600. Kwa kadi ya inchi 4 kwa 6 hiyo inatosha, unapata nukta zaidi ya 260 kwa kila inchi na jicho haligundui. Lakini mama alitaka sita hizo zikuzwe kwa ukubwa wa A4, ziwekwe fremu. Upande mrefu wa A4 ni inchi 11.7. Gawanya 1600 kwa 11.7, zinabaki kama nukta 137 kwa inchi, na nyusi za bibi harusi zinaanza kuonekana kama zimechorwa kwa mkaa. Ikitumwa kama dokumenti haipunguzwi hata nukta moja.

Gharama yake ni kwamba dokumenti kwenye data ya simu haijipakui, maana Documents haina tiki. Kila moja ya zile sita ilikuwa inapita MB 7, jumla zaidi ya MB 40, kwa hiyo sikumshauri mama aweke tiki hiyo. Tuligusa sita tukaacha. Na usizitafute kwenye WhatsApp Images. Zinaingia folda ya WhatsApp Documents, tena zinabaki na majina zilizotoka nayo kwenye kamera, kama `DSC_0412.JPG`, bila ile tarehe ya kufika. Mtu anayekagua albamu ya WhatsApp Images mpaka mwisho hatazikuta hata akikagua mara kumi.

Kwa mama yule kazi iliishia hapo. Lakini kabla hujaanza kuchimbua folda, kagua jambo moja dogo, kwa sababu limewahi kunifanya nionekane mganga bila kustahili. Simu nyingi za bei nafuu hazina galari nyingine ila Google Photos. Ukurasa wake wa kwanza unaonyesha picha za kamera na za folda ulizoruhusu zihifadhiwe mtandaoni. Folda ya WhatsApp haimo mpaka uiruhusu. Picha ipo, haijafichwa, ila iko chumba cha pili: gusa Collections, kisha On this device, utakuta WhatsApp Images. Mwalimu mmoja wa Kiwira alikuja na malalamiko ya miezi, nikagusa mara mbili, zikatokea picha zaidi ya elfu. Alinishukuru kwa “ndaga fijo” ambayo sikuifanyia kazi.

Zipo picha ambazo hakuna mpangilio wa kwako utakaozileta galarini, kwa kuwa aliyetuma ndiye aliyeamua. Iliyotumwa kwa alama ya 1 ndani ya duara inafunguliwa mara moja tu, haihifadhiwi, na usipoifungua kwa siku 14 inaisha yenyewe. Chati yenye ujumbe wa kutoweka, wa saa 24, siku 7 au siku 90, inaondoka na picha zake, kwa hiyo usiyoichukua mapema huna. Na tangu 2025 kuna Advanced chat privacy, ambayo ikiwashwa kwenye grupu inazuia picha zisiingie galarini zenyewe hata kama kwako umeweka Yes. Ikiwashwa, tangazo hutokea katikati ya chati, lile dogo la rangi hafifu ambalo sote tunaliruka.

Wenye iPhone mambo yao ni machache zaidi. Kwao swichi inaitwa Save to Photos, iko kwenye Settings, Chats, na kila chati ina yake ya Default, Always au Never. Hakuna folda ya Private ya kuchimbua. Unafungua picha kwenye chati na kuihifadhi kwa mkono.

Kabla mama hajaondoka tulipanga simu yake hivi. Data ya simu: Photos tu. Wi-Fi: vyote isipokuwa video, kwa sababu Wi-Fi akiipata ni hotspot ya mwanawe. Roaming: hakuna. Swichi kubwa ya Media visibility imewashwa, grupu la familia Yes, na grupu la mtaa lenye maua ya asubuhi, ambalo ndilo mjukuu angepaswa kulizima, No. Kisha nikamtumia picha moja ya kwangu ya bonde la chai. Tukatazama chati, ikawa safi bila kuguswa. Tukatazama galari, ipo. Kipimo hicho kinachukua nusu dakika na kinakuambia milango yote miwili iko wazi. Kifanye kila mtu akikushikia simu.

Nikamwonya pia kuhusu kusafisha simu. Ukifuta chati nzima, WhatsApp inakuuliza kwa kisanduku kidogo kama ifute na picha zilizoko galarini. Watu hubonyeza tu. Na programu za kusafisha zinapopendekeza kufuta “picha za WhatsApp zisizohitajika”, haziwezi kujua kati ya ua la asubuhi na marehemu baba yako ni ipi isiyohitajika.

Nilisafisha kadi 58 za inchi 4 kwa 6 na sita za A4. Mama alizihesabu mbele yangu mbili mbili, kama anavyohesabu mayai, zikatimia 64.

Nanyi wajukuu mnaokabidhiwa simu za bibi mziweke sawa, endeleeni, wala msiogope kugusa. Ila mkitoa tiki au mkiweka No, mwambieni mwenye simu ni wapi na lini, na kabla ya shughuli yoyote ya ukoo rudini mkaangalie tena.